Programu ya video inajifunga, kioo cheusi, sauti hakuna: ufute nini, usasishe nini, na lini uisakinishe upya

Swali: Apu yangu ya video ilianza kwa kujifunga yenyewe. Sasa inafunguka, nasikia sauti lakini kioo ni cheusi. Halafu kuna video moja niliyotumiwa inacheza bila sauti kabisa. Mmoja ananiambia futa kashe, mwingine isasishe, mwingine ifute uipakue upya. Nianze na lipi? Na video nilizopakua ndani yake zitapotea? Simu ni Android.

Jibu: Kuifuta na kuipakua upya kuwe jambo la mwisho, tena ukiwa umeshajua unapoteza nini. Video ulizopakua ndani ya programu haziguswi ukifuta kashe, wala ukisasisha. Zinaondoka ukibonyeza Clear storage, ambayo simu nyingine huiandika Clear data, na zinaondoka ukiifuta programu yenyewe. Kwa hiyo anza na kashe, fuata na kusasisha, na kabla ya yote mawili fanya majaribio machache nitakayokueleza, kwa sababu dalili zako tatu huenda hazina chanzo kimoja.

Waliokushauri hawakukosea, ila kila mmoja alikuwa anazungumzia sehemu tofauti ya programu. Programu yoyote ya video imekaa kwenye simu kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni msimbo wenyewe, yaani kile kinachopakuliwa kutoka Play Store. La pili ni data yako: akaunti uliyoingia, mipangilio uliyochagua, historia, na video ulizohifadhi utazame bila mtandao. La tatu ni kashe, yaani vijipicha vya video, vipande vya video ulizokwisha kutazama na faili nyingine za muda ambazo programu imejiwekea ili isizivute upya mtandaoni kila mara.

Clear cache inagusa fungu la tatu tu. Kusasisha kunabadilisha la kwanza na kuyaacha mengine mawili. Clear storage inafuta la pili na la tatu, lakini msimbo unabaki uleule. Kufuta na kusakinisha upya kunafagia yote. Ukilielewa hili, utaona kwa nini mtu anaweza kufuta kashe kila siku bila nafuu yoyote: kosa lake liko kwenye msimbo. Na mwingine anasasisha, programu inaendelea kujifunga, kwa sababu faili iliyoharibika bado imo kwenye kashe na toleo jipya linaisoma ileile.

Ila kuna mambo ambayo hayamo ndani ya programu kabisa, bali ndani ya simu. Video haichezwi na programu peke yake. Simu ina kisimbuzi cha video, sehemu ya maunzi inayogeuza faili iliyobanwa kuwa picha, na programu zote hukigawana. Kuna nafasi ya kuhifadhi, ambayo ikijaa programu inashindwa kuandika faili zake na inajifunga. Kuna njia ya sauti, ambayo inaweza kuwa imeelekezwa kwenye vipokea sauti vya Bluetooth vilivyoachwa chumba cha pili. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotibika kwa kusakinisha programu upya, ndiyo maana ninakuomba uanze huku.

Zima simu uiwashe. Najua ushauri huu umezoeleka hadi watu wanauruka, lakini kwa kioo cheusi chenye sauti una sababu yake. Kisimbuzi cha maunzi kinaweza kuhudumia video chache tu kwa wakati mmoja. Programu ya kuhariri video, simu ya video iliyobaki nyuma, au kidirisha kidogo kinachoelea juu ya kioo vinaweza kukishikilia. Sauti husimbuliwa kwa njia nyingine isiyohitaji nguvu nyingi, hivyo inaendelea kusikika wakati picha imekosa pa kupitia. Kuwasha upya kunaachia kila kilichoshikiliwa. Kufunga programu na kuifungua tena hakutoshi, kwa sababu aliyeshikilia huenda ni programu nyingine.

Baada ya simu kuwaka, fungua video nyingine ndani ya programu hiyohiyo, kisha fungua video yoyote kwenye programu tofauti, hata ile uliyojirekodi kwa kamera. Ikiwa kila programu inatoa kioo cheusi, tatizo ni la simu. Tafuta sasisho la mfumo mzima kwenye mipangilio na uachane na hiyo programu. Ikiwa ni programu moja lakini video zake zote, hapo kashe na kusasisha vina kazi. Ikiwa ni video moja tu na nyingine zinacheza, usifute chochote, kosa liko kwenye video yenyewe.

Angalia pia kama kuna kitu kinachorekodi kioo chako au kinachokirusha kwenye televisheni. Programu za filamu zinazolindwa kwa haki za wenye kazi huzuia picha zao zisinaswe, na matokeo ndiyo hayo: sauti ipo, picha nyeusi. Hapo programu haijaharibika, imefanya ilivyoagizwa. Zima kurekodi, picha itarudi.

Sasa tuifanyie kazi ile programu yako, tukichukulia umewasha upya, programu nyingine zinaonyesha picha, na hii moja bado ina kioo cheusi.

Bonyeza alama yake na uishikilie mpaka itokee App info, au pitia Settings, kisha Apps, kisha jina la programu. Kwanza bonyeza Force stop. Programu ikiwa bado inafanya kazi nyuma inaweza kuendelea kuandika faili hizohizo unazotaka kuziondoa. Kisha ingia Storage & cache, ambayo kwenye simu nyingine huitwa Storage tu. Utaona namba za ukubwa zimeandikwa kwa mistari, na mstari wa Cache uko peke yake. Programu ya video iliyotumika wiki kadhaa inaweza kuonyesha mamia ya megabaiti, hata zaidi ya gigabaiti moja, na hilo si ugonjwa. Mwisho bonyeza Clear cache. Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili utakuta Futa akiba. Tulia uone jina la kitufe kabla ya kugusa, kwa sababu Clear storage mara nyingi iko pembeni yake kabisa. Kuna njia rahisi ya kuvitofautisha: Clear cache kwa kawaida haikuulizi kitu, namba inashuka papo hapo. Clear storage inakuletea onyo kwamba data itafutwa kabisa. Ukiona onyo hilo la data, umebonyeza kisicho chako, rudi nyuma.

Ukifungua programu, vijipicha vya video vitachelewa kidogo kutokea. Hiyo ndiyo dalili kwamba kashe imefutika kweli na inajengwa upya. Hukutolewa kwenye akaunti, na video ulizopakua zipo. Ikiwa programu imeacha kujifunga na picha imerudi, umemaliza.

Ikiwa imepona halafu ndani ya siku chache ikarudia, usiendelee kufuta kashe. Kwanza unaunguza bando bure, kwa kuwa kila kilichofutwa kitapakuliwa tena. Pili, kosa linalorudi linakuambia kashe haikuwa chanzo. Tazama nafasi ya simu nzima kwenye Settings, sehemu ya Storage. Ikiwa imejaa karibu yote, kufuta kashe kulikupa nafasi ya muda tu, na ikajaa tena. Hapo ondoa picha, video na faili ulizopakua usizozihitaji, kisha uone kama programu itatulia. Nimeona simu nyingi zikipelekwa kwa fundi kwa kosa hili, na dawa ilikuwa kuhamisha video za kamera.

Nafasi ndiyo sababu nyingine ya kutanguliza kashe kabla ya kusasisha. Toleo jipya linahitaji mahali pa kukaa wakati la zamani bado lipo, hivyo simu iliyojaa inaweza kukataa sasisho.

Kusasisha kwenyewe ni kazi ndogo. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako juu, chagua Manage apps & device, kisha uangalie Updates available. Lakini kabla hujagusa Update, soma maoni mapya zaidi kwenye ukurasa wa programu, uyapange kwa kuanza na ya karibuni. Hapo ndipo unapojua unapambana na nini. Ukikuta watu wengi wameanza kulalamika kioo cheusi tangu juzi, na wewe ulisasishiwa juzi, kosa limekuja na toleo lenyewe. Kusakinisha upya hakutakusaidia hata kidogo, kwa sababu Play Store itakuletea toleo hilohilo lenye kosa, na utakuwa umepoteza video zako bure. Subiri sasisho lijalo. Kama uliwahi kujiunga na majaribio ya matoleo ya awali, shuka chini kwenye ukurasa huo wa programu ujiondoe, ila ujue kwamba kurudi kwenye toleo la kawaida papo hapo kunahitaji kuifuta programu na kuipakua upya.

Usishangae pia mwenzako akiwa na toleo jipya na wewe huna. Watengenezaji wengi huachia sasisho kwa asilimia ndogo ya watumiaji kwanza, kisha wanaongeza wanapoona halina madhara. Usikimbilie faili za APK, yaani faili za kusakinishia programu bila Play Store, kwenye tovuti usizozijua ili uwahi toleo jipya au urudi la zamani. Android haikubali toleo la zamani lipande juu ya jipya mpaka uifute programu, na ile faili hujui aliyeigusa ni nani.

Wakati uko Play Store, sasisha na Android System WebView pamoja na Chrome. Watu wengi hawajui kama WebView ipo. Ni kipande cha mfumo kinachotumiwa na programu nyingi kuonyesha kurasa za wavuti ndani yake: ukurasa wa kuingia kwenye akaunti, matangazo, maelezo. Mwezi Machi 2021 sasisho bovu la WebView lilifanya programu nyingi za Android duniani zijifunge mara tu zinapofunguliwa. Watu walifuta kashe na kusakinisha upya programu ya barua pepe, ya benki na nyingine, bila mafanikio, kwa kuwa hazikuwa na kosa. Tiba ilikuwa kusasisha WebView na Chrome baada ya Google kutoa toleo lililorekebishwa. Ukiona programu mbili tatu zisizohusiana zimeanza kujifunga siku moja, likumbuke tukio hilo kabla hujaanza kufuta.

Tuseme umefuta kashe, umesasisha, maoni hayaonyeshi kwamba wengine wanaumwa kama wewe, na kioo bado cheusi. Sasa fungu lililobaki ni data yako: mpangilio fulani au faili ya akaunti iliyoharibika. Hapo una njia mbili, Clear storage au kusakinisha upya. Mimi huanza na Clear storage, kwa sababu inaondoa kitu kinachoshukiwa bila kupakua tena msimbo ambao umetoka kuusasisha sasa hivi. Kusakinisha upya ni kwa pale ambapo usakinishaji wenyewe unaonekana kuharibika, kwa mfano sasisho lilikatika katikati na tangu hapo programu haifunguki kabisa.

Njia yoyote kati ya hizo mbili ina gharama ileile, kwa hiyo fanya ukaguzi huu kwanza. Hakikisha unalijua nenosiri la akaunti, na kwamba namba ya simu au barua pepe inayopokea msimbo wa kuingia bado unayo. Video ulizohifadhi ndani ya programu ziandike majina, kwani utazipakua upya. Na kama ni programu ya kutengeneza video, tazama rasimu. Hapa watu huumia sana. Rasimu za TikTok, kwa mfano, hukaa kwenye simu yako tu, hazipo kwenye seva. Ukiifuta programu zimekwenda, na kuingia tena kwenye akaunti hakuzirudishi. Zihifadhi kwanza kwenye matunzio ya picha ya simu.

Kuna mambo mawili yanayowachanganya waliokwisha kusakinisha upya. La kwanza, programu kama YouTube mara nyingi huja na simu na haifutiki. Badala ya Uninstall utakuta Uninstall updates kwenye menyu ya juu ya App info. Hiyo inairudisha kwenye toleo iliyotoka nalo kiwandani, na baada yake unaingia Play Store kuisasisha. Usiishie njiani ukabaki na toleo la zamani, kwani huenda halifanyi kazi tena na seva za leo.

La pili ni gumu kuliona. Unafuta programu, unaipakua, unaifungua, na kosa ni lilelile, mpaka unaapa kwamba simu imekufa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, mfumo unaweza kuhifadhi nakala ya data ya programu, hadi megabaiti 25, kwenye Google Drive yako, na kuirudisha yenyewe unapoisakinisha upya. Video ulizopakua ni kubwa mno kwa nakala hiyo, lakini mpangilio ulioharibika ni mdogo na unaingia vizuri. Dalili yake ni kwamba programu mpya kabisa inafunguka ikiwa inakumbuka machaguo yako ya zamani. Tiba ni kubonyeza Clear storage mara baada ya kuisakinisha, kabla ya kuitumia, ili uanze na ukurasa mtupu kweli.

Turudi kwenye ile video isiyo na sauti, ambayo nadhani haihusiani na kioo chako cheusi. Kwanza bonyeza kitufe cha kuongeza sauti wakati video inacheza, si kabla yake, kwa sababu Android ina sauti ya mlio wa simu na sauti ya midia kando kando, na ya midia inaweza kuwa sifuri wakati simu inalia vizuri tu. Zima Bluetooth. Angalia alama ya spika ndani ya programu, kwa kuwa programu nyingi huanza kucheza video zikiwa zimenyamazishwa.

Umesema ni video moja, tena uliyotumiwa. Kama video nyingine zinatoa sauti, kuna uwezekano mkubwa faili hiyo sauti yake imebanwa kwa kodeki, yaani mbinu ya kubana sauti, ya AC-3, E-AC-3 au DTS, zinazotumika sana kwenye filamu. Kodeki hizi kwa miaka mingi zimehitaji leseni za kulipiwa, na simu nyingi na programu nyingi za kucheza video hazizisomi. Picha inacheza, sauti haipo, na mara nyingine maandishi madogo yanapita kusema aina hiyo ya sauti haikubaliki. Hakuna kashe ya kufuta hapo. Ifungue faili hiyo kwa VLC, programu ya bure ya kucheza video, ambayo ina visimbuzi vyake yenyewe na haitegemei vya simu. Ikitoa sauti, umeshapata jibu, na programu yako ya kwanza haikuwa na ugonjwa upande huo. Isipotoa sauti hata kwenye VLC, angalia kwenye orodha ya mikondo ya sauti iliyomo kwenye faili kama kuna mwingine wa kuchagua. Kama hakuna, huenda faili ilitengenezwa bila sauti au iliharibika njiani, muombe aliyekutumia akutumie tena.

Kwa wanaosoma hapa wakiwa na iPhone, mpangilio ni tofauti kidogo. Mfumo hauna kitufe cha kufuta kashe ya programu moja moja. Baadhi ya programu zina chaguo hilo ndani ya mipangilio yake. Kilicho karibu ni Settings, General, iPhone Storage, kisha jina la programu, ambapo utakuta Offload App na Delete App. Offload App, iliyokuja na iOS 11 mwaka 2017, inaondoa msimbo na kuacha data yako, hivyo ukiirudisha umesakinisha upya bila kupoteza video wala rasimu. Ianze hiyo. Delete App inafuta kila kitu. Na kwa sauti, angalia ile swichi au kitufe cha ubavuni cha kunyamazisha, maana programu nyingine hukifuata.

Ikiwa umefika mwisho wa haya yote na kioo bado cheusi kwenye programu hiyo peke yake, waandikie watengenezaji kupitia sehemu ya Help au Send feedback iliyo ndani yake. Usiwaandikie tu kwamba haifanyi kazi. Wape modeli ya simu, toleo la Android, toleo la programu lililoandikwa chini kabisa ya App info, jina la video moja inayotoa kioo cheusi na nyingine isiyotoa kama ipo, na useme kwamba umeshafuta kashe, umesasisha na umefuta data. Taja pia kama sauti inasikika. Hilo moja linawaambia kwamba mtandao na akaunti yako ni salama, na kwamba watafute upande wa picha.